Saa za Kabuta: Barua ya Kuomba Kazi ya Mbali

Katika miaka niliyokuwa nikisahihisha maandishi ya Kiswahili kwa ajili ya wakuu wa kazi ambao sikupata kuonana nao uso kwa uso, na hususan baadaye, nilipokabidhiwa jukumu la kusoma barua za watu waliotaka kuingia katika kazi hiyo hiyo, ilinidhihirikia kwamba jambo la kwanza ambalo jicho la msomaji hulitafuta katika ombi la namna hiyo si shahada wala sifa za mwombaji, bali ni mambo matatu makavu: yuko wapi na saa yake inasemaje, atakuwa kazini tangu saa ngapi hadi saa ngapi, na umeme ukikatika au mtandao ukianguka atapatikana kwa njia gani. Sababu yake ni bayana. Mtu afanyaye kazi ofisini akikosekana, kiti chake kitupu chamshuhudia, na mwenzake aweza kwenda kumwulizia. Lakini afanyaye kazi kwa mbali akinyamaza, huenda amelala, huenda ni mgonjwa, huenda mnara wa simu umezimika, huenda kwake ni usiku na mkuu wake hajui, na mkuu huyo, akingojea faili ambalo mteja naye analingojea, hana njia ya kupambanua udhuru huu na ule. Barua iliyoyataja mambo hayo kwa vipimo humwondolea tashwishi. Isiyoyataja humwachia kazi ya kuuliza, na mwenye barua nyingi mbele yake aghalabu haulizi, huchukua barua nyingine.

Barua ninayotaka kuieleza iliandikwa Kabuta, kando ya ziwa Mweru, katika wilaya ya Nchelenge, jimbo la Luapula, nchini Zambia. Ng'ambo ya maji ni Kongo, na miji ya Kilwa na Pweto iko upande huo. Lugha ya nyumbani huku ni Kibemba, lakini Kiswahili hakikosekani, kwa kuwa kimevuka ziwa pamoja na wachuuzi wa dagaa, ambao huku huitwa chisense, na pamoja na wakimbizi waliopewa makazi Mantapala, katika wilaya hii hii, tangu 2018. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alizaliwa ng'ambo, akasomea Lubumbashi, kisha akaolewa Kabuta. Kiswahili chake ni safi, mkono wake ni mwepesi juu ya kibodi, na sikio lake hulishika neno hata katika rekodi iliyojaa kelele za soko. Alipoona tangazo la kampuni moja yenye makao yake London, iliyotaka wanakili wa mazungumzo ya Kiswahili watakaofanya kazi wakiwa majumbani mwao popote walipo, alinijia na rasimu yake. Tangazo lilitaka ombi liletwe kwa barua pepe, kwa Kiswahili, kwa kuwa kazi yenyewe ni ya Kiswahili. Likataka mwombaji awe na saa zisizopungua 4 kila siku za kukutana na saa za ofisi, ambazo ni 09:00 hadi 17:00 za London. Na likataka aeleze mpango wake wa intaneti.

Rasimu ilikuwa na adabu zote, na juu ya mambo hayo matatu ilisema hivi tu: «Niko Afrika ya Kati, naweza kufanya kazi wakati wowote, na intaneti yangu ni nzuri.»

«Mwanangu,» nilimwambia, «hapa umeahidi mengi, na hapana hata moja ambalo mtu wa London aweza kulipima. Tuanze na saa.»

Kabuta, kama Zambia yote, iko UTC+2, yaani saa 2 mbele ya saa ya dunia, na haisogezi saa zake katika mwaka mzima. London husogeza: tangu Jumapili ya mwisho ya Oktoba hadi Jumapili ya mwisho ya Machi imo katika UTC yenyewe, kisha hupanda saa 1 mbele hadi Oktoba nyingine. Kwa hiyo tofauti ya Kabuta na London ni saa 2 wakati wa baridi yao, na saa 1 tu wakati wa kiangazi chao, na mwombaji aandikaye «niko saa 2 mbele yenu» amesema kweli kwa miezi mitano na kukosea kwa miezi saba. Afrika ya Kati ni eneo kubwa lenye saa zaidi ya moja. Hata nchi iliyo mbele ya macho yetu, Kongo, ina saa mbili, kwani Lubumbashi inakwenda pamoja nasi ilhali Kinshasa iko saa 1 nyuma. Simu ya mkazi wa ufuoni yaweza kudaka mnara wa ng'ambo na kujipangia saa kwa kufuata nchi nyingine, na kwa ajili hiyo nilimtaka mpwa wangu aufunge ule upangaji wa kujiendea katika simu na kompyuta zake, achague Lusaka kwa mkono, ili mwaliko wa kikao usije ukamwita saa nzima kabla au baada ya wakati wake.

Jambo la pili katika mlango huu ni namna ya kuhesabu. Sisi tukisema saa tatu ya asubuhi twakusudia 09:00, na msimamizi Mswahili atatuelewa, lakini barua hiyo huenda ikapita mikononi mwa karani asiye na kaida yetu, au mwa mtoto wa Kiswahili aliyekulia Ulaya, naye akisoma «saa 3 hadi saa 11» atadhani mtu huyu hulala mchana. Barua ya kazi ya mbali iandikwe kwa saa 24, iwe na jina la mahali na tarakimu ya UTC, na tena iwe na mfano mmoja uliokwisha kufasiriwa katika saa za mwajiri, ili asihitaji kupiga hesabu.

Yale maneno «wakati wowote» yalimpendeza mpwa wangu kwa sababu yalionekana kuwa ukarimu. «Mjomba,» aliniambia, «nikibana saa zangu hawataniona mtu mgumu?» Nikamjibu kwamba kwa miaka niliyosoma barua hizo sikupata kumwona mtu aliye kazini wakati wowote, niliona watu wasiokwisha kupanga siku yao, na wale ndio waliokuwa wa kwanza kukosekana. Tukakaa chini tukaipanga siku. Kufuata saa za London kikamilifu kungekuwa na maana kwamba wakati wa baridi aanze 11:00 na kumaliza 19:00 kwa saa za Kabuta, na kiangazi aanze 10:00 na kumaliza 18:00. Huku kwetu, karibu na latitudo ya 9 kusini mwa ikweta, jua huchwa karibu na 18:00 takriban mwaka wote, kwa hiyo ile saa ya mwisho ya wakati wa baridi ingeangukia gizani, umeme wa sola ukiwa umekoma, na watoto wakingojea chakula cha jioni. Akachagua kushikamana na saa ya Kabuta: 10:00 hadi 18:00 mwaka mzima, na mapumziko ya saa 1 tangu 13:00.

Tukapima kama chaguo hilo linatimiza sharti la tangazo. Wakati wa kiangazi cha London, 10:00 hadi 18:00 za Kabuta ni 09:00 hadi 17:00 za huko, yaani siku yote ya ofisi, na ukiondoa mapumziko zabaki saa 7. Wakati wa baridi ni 08:00 hadi 16:00 za huko. Ile saa ya kwanza ofisi haijafunguliwa, zabaki 7, na ukiondoa mapumziko zabaki 6. Sharti lilikuwa 4. Wengi husahau kutoa mapumziko katika hesabu hii, na mwajiri akija kugundua kwamba saa aliyoitaka kwa kikao ndiyo saa ya chakula cha mwajiriwa, huona kama amepunjwa. Kwa kuwa wakati wa baridi ilibaki saa ya mwisho ya ofisi asiyoifikia, mpwa wangu aliona insafu kuongeza kwamba, akiarifiwa siku moja kabla, aweza kukaa hadi 19:00 za Kabuta.

Mlango wa mtandao ndio uliotuchukua muda mrefu zaidi, na ndipo mahali ambapo barua nyingi huharibika, maana mwombaji huandika jina la kampuni anayonunua bando kwake na kudhani amejibu. Mume wa mpwa wangu alikuwa amenunua antena ya setilaiti ya Starlink, huduma iliyoanza nchini Zambia Oktoba 2023, na nyumbani kulikuwa pia na kifaa kidogo cha kugawa mtandao kwa laini ya simu. Nilimwambia aipime kila njia peke yake, katika saa zile zile atakazofanya kazi, na atazame zaidi kasi ya kupandisha kuliko ya kushusha, kwani mtazamaji wa sinema hushusha tu, lakini anayesema katika kikao na kurudisha faili hupandisha. Antena ilimpa megabiti kama 10 kwa sekunde za kupandisha mchana. Laini ya simu ilimpa 2 hadi 3 mchana, na baada ya 19:00, watu wanaporejea majumbani na kila mmoja kushika simu yake, ikashuka chini ya 1. Kisha, ili kujua kama njia inakatika-katika ingawa kasi yake yaonekana njema, akaandika amri hii katika kompyuta yake ya Windows:

```
ping -n 100 8.8.8.8
```

Amri hiyo hutuma vifurushi vidogo 100, huonyesha kila kimoja kilichukua milisekunde ngapi kwenda na kurudi, na mwisho hutaja vingapi vimepotea. Kikipotea 1 au 2 sauti haidhuriki. Vikipotea zaidi ya 5 maneno huanza kumezwa, na hapo hakuna kasi itakayoponya.

Njia ya akiba haiwi ya akiba ikiwa huanguka kwa sababu ile ile iangushayo njia ya kwanza, na hili ndilo nililotilia mkazo kuliko yote. Watu huweka laini mbili za makampuni mawili na kujiona wamejikinga, ilhali makampuni hayo huweza kuwa yamepanga katika mnara mmoja, na betri za mnara zikiisha wakati umeme wa taifa umekatika, zote mbili huzimika pamoja. Kujua ni sahali: subiri siku ya umeme kukatika kwa muda mrefu, kisha tazama kama laini zote mbili hufa kwa wakati mmoja. Antena ya setilaiti haitegemei mnara wa jirani, nayo laini ya simu haisumbuliwi sana na wingu zito la mvua, ambalo kati ya Novemba na Aprili huweza kuikata antena kwa dakika kadhaa. Basi njia hizi mbili zafaana, kwa kuwa udhaifu wa moja si udhaifu wa nyingine.

Ukabaki umeme. Mwaka 2024, ukame ulipoyashusha maji ya Kariba, Zambia iliingia katika mgao mkali wa umeme, na habari hiyo ilifika mbali. Msimamizi wa London asomapo neno Zambia huenda hilo ndilo la kwanza linalomjia, na barua isiyolitaja humwacha nalo. Nyumba ya mpwa wangu ina paneli za sola na betri moja ya lithiamu ya volti 12.8 na ampea-saa 100, ambayo kwa hesabu ni kama wati-saa 1,280, na kwa kutumia kwa hadhari tukaichukulia kuwa 1,000. Kompyuta yake hula kama wati 40, antena na ruta yake kama 75, taa 5: jumla 120, na kwa saa 8 ni 960. Maana yake ni kwamba siku isiyo na umeme wa taifa wala jua, betri iliyojaa humfikisha jioni kwa shida, na siku ya pili ya namna hiyo haitoshi. Lakini kifaa cha laini ya simu hula wati kama 10 tu. Akizima antena na kuhamia huko, jumla hushuka hadi 55, na kwa saa 8 ni 440, yaani betri ile ile humchukua siku mbili. Hapo ndipo tulipoona kwamba njia ya akiba haimfai wakati wa mvua pekee, bali ndiyo pia njia ya kunusuru umeme.

Je, kazi ya kunakili yawezekana juu ya laini hiyo dhaifu? Rekodi ya saa nzima, kwa ubora wa kilobiti 128 kwa sekunde, ni megabaiti kama 58. Kwa kasi ya megabiti 1 huchukua dakika kama 8 kushuka, na maandishi yenyewe kurudi ni sekunde chache. Kazi itakwenda. Kitakachoshindwa ni picha katika kikao, ambayo ikiwa ya ubora mzuri yataka megabiti 2 au 3 za kupandisha. Sauti peke yake hutosheka na kama sehemu moja ya kumi ya megabiti. Nikamsihi aliandike hilo kama lilivyo, bila kulifunika, kwa sababu mwajiri hakasirishwi na mipaka aliyoambiwa mapema.

Hii ndiyo barua aliyoipeleka, nikiacha jina lake na anwani:

«Kichwa: Ombi la kazi ya mnakili wa Kiswahili – Kabuta, Zambia (UTC+2), 10:00–18:00

Kwa Msimamizi wa Wanakili,

Naomba kazi ya kunakili mazungumzo ya Kiswahili mliyoitangaza. Nimeambatisha maelezo ya elimu na kazi zangu, na kurasa mbili nilizonakili kama mfano.

Ninaishi Kabuta, wilaya ya Nchelenge, Zambia, na nitafanyia kazi hapa hapa. Saa zetu ni UTC+2 mwaka mzima. Nitakuwa kazini Jumatatu hadi Ijumaa, 10:00 hadi 18:00 za Kabuta, na mapumziko 13:00 hadi 14:00. Kwa saa za London hiyo ni 09:00 hadi 17:00 wakati wa kiangazi, na 08:00 hadi 16:00 wakati wa baridi. Ndani ya saa za ofisi yenu nitapatikana saa 7 kiangazi na saa 6 wakati wa baridi. Nikiarifiwa siku moja kabla, naweza kukaa hadi 19:00 za Kabuta.

Intaneti yangu ya kwanza ni ya setilaiti, kupandisha kama megabiti 10 kwa sekunde mchana. Ya akiba ni laini ya simu, megabiti 2 hadi 3 mchana. Nikiwa juu yake nitashiriki vikao kwa sauti bila picha, na kunakili kutaendelea kama kawaida. Umeme wa taifa ukikatika nina sola na betri inayotosha siku moja ya kazi kwa njia ya kwanza, au siku mbili kwa njia ya akiba. Wakati wa mvua za radi huzima antena na kuhamia laini ya simu. Njia zote mbili zikishindikana, nitawapelekea ujumbe mfupi wa simu ndani ya dakika 15, nikitaja faili nililokuwa nalo na mahali nilipofikia.

Niko tayari kupimwa kwa njia yoyote kati ya hizi mbili.

Wasalaam.»

Nina maneno mawili tu juu ya barua hiyo. La kwanza ni kwamba mambo ya saa yametangulia katika kichwa chenyewe, ambapo msomaji huyaona kabla hajaifungua. Na nchi imetajwa waziwazi, kwa kuwa wapo waajiri ambao, ingawa wametangaza kazi ya mbali, hawana njia ya kulipa katika kila nchi, na ni heri jambo hilo lijulikane siku ya kwanza. La pili ni ile ahadi ya dakika 15. Mpwa wangu alitaka kuandika «mara moja», nami nikamzuia, kwa kuwa mtandao ukianguka mtu kwanza huhangaika na ruta, kisha huhamia laini nyingine, kisha huenda nje kutafuta mawimbi ya simu, na dakika 15 ndizo zilizotosha alipojaribu. Ujumbe mfupi wa simu hauhitaji intaneti, nao aghalabu hupita hata pale mawimbi yanapokuwa hafifu mno kwa bando.

Jibu lilikuja, na msimamizi, aliyeonekana kuijua kazi yake, hakuuliza swali hata moja juu ya saa. Alitaka jambo moja: mpwa wangu aizime antena kabisa, aingie katika mazungumzo ya majaribio saa 17:00 za Kabuta juu ya laini ya simu pekee. Picha ilidumu kidogo ikaganda, akaizima kama alivyoandika, na sauti ikaendelea hadi mwisho. Kisha akapewa rekodi fupi ainakili na kuirudisha papo hapo juu ya laini hiyo hiyo. Alipewa mkataba wa majaribio wa miezi mitatu, uliotaja saa zake kwa UTC+2 na kuichukua ile sentensi ya dakika 15 kama ilivyo. Mkataba ulikuja kuongezwa, na London iliposogeza saa zake Machi, kikao chao cha asubuhi kilichokuwa 12:00 za Kabuta kikawa 11:00, ilhali saa yake ya kuanza kazi haikuguswa.

Nawe uliye Kabuta, Kashikishi au ng'ambo ya maji huko Kilwa, ukitaka kuandika barua kama hii, nakuomba uizime njia yako ya kwanza mchana mmoja mzima wa kazi, ufanye kazi juu ya ile ya akiba tangu asubuhi hadi jua lichwe, na uandike katika barua yale tu uliyoyaona siku hiyo.